Mwongozo kamili: kumchagua nahodha wa timu ya shule na kumpa kazi zinazoeleweka

Msimu wa UMISSETA ukikaribia, walimu wa michezo wa huku Mwanza huniletea malalamiko yanayofanana. Nahodha alichaguliwa Januari, na ilipofika Machi wenzake hawamsikilizi. Mwingine anapata kadi ya njano kila mechi kwa kubishana na refa. Shule nyingine ina manahodha wawili wanaogombea kitambaa mbele ya wageni.

Ukichunguza unakuta ama kitambaa alipewa mfungaji wa mabao, ama kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono, na kote huko hakuna aliyeandika nahodha anatakiwa kufanya nini. Kwa hiyo tutaanza na kazi, kisha tutamtafuta mtu wa kuifanya. Nimetumia soka ya sekondari. Hatua za kuchagua zinafaa pia kwa netiboli, ila sehemu ya kurusha shilingi ina sheria zake.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari moja la timu, lisiwe la alama za darasani.
- Orodha ya mahudhurio ya mazoezi ya mwezi mzima.
- Kitambaa cha unahodha. Kama hakuna, chukua soksi ya jezi iliyochakaa, ya rangi moja, ukate kipande cha upana wa vidole vinne. Kinakaa mkononi vizuri kuliko vingi vya dukani.
- Karatasi ndogo za kura na kopo lenye kifuniko.
- Sarafu ya shilingi 100 au 200.
- Mechi mbili au tatu za kirafiki kabla ya mashindano ya kata. Bila hizi, hatua ya tatu haifanyiki.

## Hatua ya 1: Andika kazi za nahodha kabla ya kutaja jina

Kaa na mwalimu mwenzako, muandike ukurasa mmoja. Kabla ya mechi, nahodha anahakikisha wenzake wako tayari kwa ukaguzi wa refa: jezi zimechomekwa, vikinga ugoko vimevaliwa, pete na bangili zimevuliwa. Anakwenda kurusha shilingi. Wakati wa mchezo, yeye ndiye anayezungumza na refa, anapeleka maagizo ya kocha kwa wachezaji, na anawatuliza wenzake. Baada ya mechi, anawaongoza kuwapa mkono wapinzani na waamuzi, kisha anahakikisha mipira na vizibao vimerudi vyote.

Chini ya hapo andika yasiyomhusu. Hapangi kikosi, hatoi adhabu, hashiki nauli ya timu. Kuhesabu wanafunzi wanaopanda na kushuka kwenye kivuko cha Kamanga ni kazi ya mwalimu, hata kama nahodha ni mtu mzima kwa akili. Nimeona shule zikimwachia mtoto wa miaka 16 bahasha ya fedha za chakula. Zikipungua, unahodha umeisha siku hiyo hiyo, awe ametumia yeye au hakutumia.

Tenganisha pia kazi hizi na za kiranja wa michezo. Kiranja anahusika na shule nzima: ratiba ya uwanja, vifaa, mashindano ya mabweni au madarasa. Nahodha anahusika na timu moja. Mipaka isipowekwa, wawili hawa watagombana kuhusu nani anatunza funguo za stoo.

Onyo: usiandike maneno kama "awe mfano bora". Hayapimiki, na ukitaka kumwondoa kesho hutakuwa na la kumwonyesha.

Utajua umefaulu iwapo mwanafunzi yeyote akisoma ukurasa huo anaweza kukuambia nahodha hufanya nini dakika kumi kabla ya mechi.

## Hatua ya 2: Punguza majina yabaki matatu

Sharti la kwanza ni kwamba awe anaanza karibu kila mechi. Sheria za mchezo zinataka kila timu iwe na nahodha uwanjani, amevaa kitambaa. Ukimpa mchezaji wa akiba, kitambaa kitakuwa kinahama kila wiki na timu haitajua imsikilize nani.

Sharti la pili ni mahudhurio, na hapa walimu wengi wa kando ya ziwa wanawaonea watoto. Huku kwetu, mwanafunzi wa Igombe au Kayenze anaweza kukosa mazoezi siku kadhaa mfululizo kwa sababu nyumbani wanavua dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Katika siku za giza kazi ya kuanika na kuanua huwa nyingi, na wingu likitanda mchana kila mkono wa nyumbani unaitwa mwaloni. Ukikagua mahudhurio ya wiki moja tu, unaweza kumwita mtoro kijana ambaye wiki mbili zinazofuata hakosi hata siku moja. Ndiyo maana nimesema orodha ya mwezi mzima. Muulize pia kama alituma taarifa. Aliyemwagiza mwenzake, "Mwambie mwalimu leo niko mwaloni," tayari anafanya kazi ya nahodha.

Sharti la tatu ni kidato. Wa kidato cha nne ana ukomavu lakini mtihani wa taifa unamchukua kabla mwaka haujaisha. Mimi hupendelea kidato cha tatu kwa nahodha na kidato chochote kwa msaidizi.

Nafasi uwanjani ina uzito wake, ingawa si wa kumtoa mtu kwenye orodha. Beki wa kati na kiungo wanaona uwanja wote na sauti zao zinafika. Kipa anaona vizuri kuliko wote, lakini tukio likiwa kwenye boksi la wapinzani hawezi kukimbia uwanja mzima kwenda kumuuliza refa. Panapotumika utaratibu wa nahodha pekee kuzungumza na refa, timu yenye nahodha kipa inaruhusiwa kumteua mchezaji mmoja wa ndani afanye kazi hiyo, na refa anaambiwa jina lake wakati wa kurusha shilingi.

Usiwatangaze hawa watatu.

## Hatua ya 3: Wapime kwa kazi yenyewe

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Jaribio la kwanza halihitaji mechi. Panga saba kwa saba mazoezini, wagawe hao watatu katika timu zote mbili, kisha sema unaenda ofisini, na filimbi uondoke nayo. Simama mahali unapoona bila kuonekana. Utata wa kwanza utatokea mapema: mpira umetoka, kila upande unasema wetu. Usimtazame anayepiga kelele zaidi. Mtazame anayesema, "Ni wao, nimegusa mimi mwisho," na wenzake wakakubali bila kununa. Kuna watoto wakweli ambao wenzao huwazomea, na kuna wenye sauti wanaotii maslahi ya timu yao tu. Unayemtafuta anasema kweli na mchezo unaendelea.

Jaribio la pili ni mechi za kirafiki. Kila mmoja avae kitambaa mechi moja, au kipindi kimoja kama mechi ni chache. Waambie wachezaji kwamba mnazungushana kitambaa, basi. Kaa benchi na daftari, uandike mambo matatu tu: alifanya nini timu ilipofungwa, alizungumzaje na refa, na agizo ulilomtuma lilimfikia mlengwa au liliishia kwake.

Hilo la agizo lijaribu kwa makusudi. Mwite pembeni wakati mpira umesimama, umwambie, "Winga wa kulia arudi kusaidia beki." Hesabu muda hadi winga aanze kurudi. Ukiona dakika tano zimepita na winga bado yuko juu, ama nahodha hakusema, ama alisema na hakusikilizwa. Muulize winga baada ya mechi utajua ni lipi.

### Mfano: timu ya wachezaji 22

Tuchukue timu ya kubuni ya shule ya kata upande wa Ilemela. Majina matatu yamebaki: mshambuliaji wa kidato cha nne, anayejulikana hadi shule jirani; kipa wa kidato cha tatu; na beki wa kati wa kidato cha tatu, mpole, ambaye familia yake iko kwenye dagaa.

Mshambuliaji akiwa na kitambaa, timu inafungwa bao la kwanza. Anainua mikono kuwalaumu viungo, anadai mpira kwa hasira, na faulo inayofuata anamkimbilia refa akiwa amefuatana na wengine wanne. Agizo la benchi halikufika. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafikiria bao.

Kipa anapanga ukuta vizuri na sauti yake inasikika hadi barabarani. Tatizo linatokea penalti inapotolewa upande wa pili: hakuna wa kuwatuliza wenzake, naye amebaki golini kwake.

Beki anaongea kidogo mno, kiasi kwamba mwalimu anaanza kuwa na wasiwasi. Bao la pili linapoingia, anautoa mpira wavuni, anampa kiungo, kisha anamshika beki wa kulia begani na kumsogeza hatua tatu ndani. Dakika chache baadaye shambulio kama lile linakuja, na safari hii linaishia miguuni mwa yule beki wa kulia. Agizo la benchi lilifika kabla mpira haujarushwa.

Utajua umefaulu ukiwa na mistari mitatu au minne ya vitendo kwa kila mmoja. Ukiwa na sifa tu, "ana bidii", "ana nidhamu", rudia.

## Hatua ya 4: Piga kura ya siri, kwa swali sahihi

Ukiuliza "Nani awe nahodha?" watakupa nyota wao au rafiki yao. Uliza hivi: "Timu ikiwa nyuma mabao mawili, unamsikiliza nani?" Kila mchezaji aandike jina moja, akunje, atumbukize kwenye kopo. Asiandike jina lake.

Waeleze kabla ya kupiga kwamba kura ni ushauri na uamuzi ni wa walimu. Ukisema hivyo baada ya kuhesabu, wataona umewachezea. Hesabu na mwalimu mwingine, nambari zisitoke nje.

Kwenye mfano wetu, beki anapata kura 10, kipa 8, mshambuliaji 4. Daftari na kopo vinakubaliana, kwa hiyo beki ni nahodha na kipa ni msaidizi. Vikipingana kidogo, fuata daftari. Vikipingana sana, yaani uliyemwona wewe bora kapata kura moja au mbili, simama. Kuna jambo wachezaji wanalijua nawe hulijui, mara nyingi la bwenini au la njiani kurudi nyumbani. Ulizia taratibu kabla ya kuamua.

## Hatua ya 5: Zungumza na waliokosa kwanza

Kabla ya tangazo, mwite mshambuliaji peke yake. Asisikie habari hii mstarini mbele ya shule nzima. Mwambie sababu kwa vitendo ulivyoandika: "Kwenye mechi ile, agizo la winga halikufika." Mwambie pia kwamba penalti bado ni zake, kama kweli ni zake. Usimbunie cheo cha kumfariji, kwa maana cheo kisicho na kazi ndicho kinachozaa nahodha wa pili.

Kisha mwite beki, umsomee ule ukurasa wa kazi, umuulize anakubali. Mtoto akisema nyumbani hawezi kupata ruhusa ya safari za mashindano, zungumza na mzazi kabla hujamtangaza. Kwa wazazi wengi huku, mwalimu kufika mwenyewe na kusema "Shikamoo mzee, nimekuja kuhusu kijana" kunafungua mlango ambao barua ya shule haiufungui.

## Hatua ya 6: Mfundishe kurusha shilingi

Nahodha wengi huenda katikati ya uwanja, wanashinda, wanasema "mpira!" kwa mazoea. Mfundishe anachagua nini hasa. Anayeshinda shilingi huchagua moja kati ya mawili: goli atakaloshambulia kipindi cha kwanza, au kuanza mpira. Akichagua goli, wapinzani wanaanza mpira. Akichagua kuanza, wapinzani wanachagua goli. Kipindi cha pili timu zinabadilishana upande.

Sasa mpeleke uwanjani saa 10 jioni, muda wa mechi nyingi za shule. Jua liko magharibi. Kama magoli yenu yanatazamana mashariki na magharibi, kipa wa goli la mashariki analitazama jua usoni. Kipindi cha kwanza bado liko juu kiasi. Kipindi cha pili linashuka hadi usawa wa macho, na mpira wa juu unapotelea humo. Kwa hiyo, akishinda, aseme: "Tunashambulia goli la magharibi." Kipa wake atavumilia jua la kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili atakuwa amelipa mgongo huku kipa wa wapinzani akikunja uso.

Upepo nao una neno lake. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na kwenye viwanja vilivyo karibu na maji hubeba krosi na mipira ya kipa. Kabla hajaenda kwa refa, nahodha achukue vumbi kidogo, aliachie kutoka usawa wa kifua, aone linakwenda wapi. Vumbi likishuka wima, aamue kwa jua. Likienda kwa nguvu, akuulize benchi: kuchukua upepo sasa kabla haujatulia jioni, au kungoja. Uwanja ukiwa na magoli ya kaskazini na kusini, jua halina faida kwa yeyote, basi atazame upande wenye mashimo au tope.

Mechi ikifika mikwaju ya penalti, shilingi hurushwa mara mbili. Ya kwanza inaamua goli litakalotumika, na hapo nahodha hachagui kitu. Ya pili, anayeshinda huchagua kupiga kwanza au kupiga wa pili. Mkubaliane mapema asije akageuka kutafuta benchi kwa macho.

Utajua umefaulu ukimuuliza asubuhi ya mechi, "Ukishinda shilingi?" naye akajibu kwa sababu.

## Hatua ya 7: Mfundishe kuzungumza na refa

Kitambaa hakimpi nahodha haki ya kubisha. Sheria inasema wazi kwamba hana hadhi wala upendeleo maalumu, ila ana kiasi fulani cha wajibu kwa mwenendo wa timu yake. Akipinga uamuzi kwa maneno au ishara, kadi ya njano inamhusu kama mwingine yeyote.

Mechi nyingi za kata zinachezeshwa na walimu. Aanze na "Shikamoo, mwalimu" wakati wa ukaguzi. Mchezo ukiendelea, angoje mpira usimame, aende peke yake akitembea, mikono nyuma, aulize swali moja: "Samahani mwamuzi, faulo ilikuwa ya nani?" Akishajibiwa aseme asante, ageuke. Kurudi kwa wenzake na jibu ndiyo nusu ya kazi, maana wakishaelezwa wanatulia. Wenzake wakimkimbilia refa, yeye asimame kati yao na refa, akiwatazama wao.

Fanyeni igizo la hili mazoezini. Chukua filimbi, toa uamuzi mbovu makusudi, uone wangapi wanakuja. Rudia siku nyingine hadi aje mmoja tu.

## Hatua ya 8: Kagua, na panga mrithi

Baada ya mechi tatu za mashindano, kaa na nahodha na ule ukurasa. Pitieni kazi moja moja: imefanyika, haijafanyika, kwa nini. Ongea pia na wachezaji wawili wasio marafiki zake.

Kosa moja si sababu ya kumvua kitambaa, na kumvua wakati wa mapumziko mbele ya wenzake ni kumwaibisha. Kama kazi ile ile imekosekana mara kwa mara baada ya kuonywa, mwite ofisini, mwonyeshe ukurasa, msaidizi achukue nafasi, na sababu itangazwe kwa sentensi moja isiyo na matusi. Ugomvi, wizi na kumpiga mwenzake ni mambo ya nidhamu ya shule. Yapeleke huko.

Mashindano yakimalizika, msaidizi aongoze mazoezi ya Ijumaa na mechi za kirafiki zote za muhula wa pili, nahodha akiwa pembeni yake. Kama nahodha wako ni wa kidato cha nne, kabidhianeni kitambaa na daftari kabla hajaanza maandalizi ya mwisho ya mtihani, na ukurasa wa kazi ubandikwe upya kwenye mlango wa stoo ukiwa na jina la mpya.